Tovuti ikishakabidhiwa: Namna ya kuwafundisha wafanyakazi kubadili bei, taarifa na saa za kazi bila kuharibu

Mtengenezaji wa tovuti akishalipwa na kurejea Bujumbura, kazi huachwa mikononi mwa watu ambao hawakuajiriwa kwa ajili ya kompyuta: mpokezi wa wageni, mhasibu, msimamizi wa jiko. Hao ndio watakaobadili bei ya chumba mafuta ya gari yakipanda, watakaotangaza kwamba barabara imekatika, na watakaosema mgahawa unafunguliwa saa ngapi siku ya Jumamosi. Kosa la tarakimu moja linaweza kumfanya mgeni adai chumba kwa faranga 95, na kosa la saa moja linaweza kumwacha nje ya lango lililofungwa.

Makala haya yanafuata mfano mmoja: nyumba ya wageni yenye mgahawa kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na mji wa Rumonge, ambao tangu mpangilio mpya wa mikoa ya Burundi wa mwaka 2025 umo katika mkoa wa Burunga. Nyumba yenyewe ni ya kubuni, lakini mazingira yake ni ya kweli. Wateja wengi hushuka kutoka Bujumbura kwa barabara ya RN3 inayofuata ufuo, wengine hutoka Kigoma upande wa Tanzania, na katika meza moja husikika Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Tovuti imejengwa kwa WordPress, na vyumba huuzwa kupitia kiambatisho cha WooCommerce. Mifumo hiyo hutumiwa sana na biashara ndogo duniani kwa sababu yenyewe haitozi ada ya leseni.

Kila mtu na ufunguo wake

Somo la kwanza hufanyika kabla ya mtu yeyote kugusa bei. Kwa kawaida mtengenezaji huacha akaunti moja tu, yenye cheo cha Administrator, na neno lake la siri hupitishwa kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu. Miezi mitatu baadaye hakuna anayejua nani alifanya nini, na aliyeacha kazi bado anaweza kuingia.

WordPress ina vyeo vyake, na inafaa kila mfanyakazi apewe kile kinachotosha kazi yake tu. Anayeandika taarifa hupewa Author: anaweza kuchapisha na kurekebisha maandiko yake mwenyewe, lakini hawezi kugusa ya wengine wala kurasa za kudumu. Anayebadili saa za kazi kwenye ukurasa wa mawasiliano anahitaji Editor. Anayeshughulikia bei za vyumba hupewa Shop manager, cheo kinachokuja na WooCommerce. Administrator abaki kwa mmiliki, na kwa mtengenezaji ikiwa bado ana mkataba wa matengenezo. Mkataba ukiisha, cheo chake nacho kiishe.

Akaunti hizi zote zifungwe kwa barua pepe za biashara au za wafanyakazi wenyewe, kamwe zisiwe za mtengenezaji, kwa sababu kiungo cha kurejesha neno la siri hupelekwa huko. Vivyo hivyo kwa jina la tovuti: anayeonekana kuwa mmiliki wake katika daftari la msajili awe ni biashara. Mmiliki anapaswa kuhakikisha jambo hilo siku ya makabidhiano, wakati mtengenezaji bado anapokea simu.

Kuna hatua moja ndogo ambayo mtengenezaji anapaswa kuichukua kabla ya kuondoka. Administrator anaweza kufungua kihariri cha misimbo ndani ya WordPress yenyewe, na herufi moja ikifutwa humo kwa bahati mbaya, tovuti nzima huweza kugeuka ukurasa mweupe. Mstari huu katika faili la `wp-config.php` hufunga mlango huo, huku masasisho ya kawaida yakiendelea:

```php
define( 'DISALLOW_FILE_EDIT', true );
```

Mfanyakazi akiondoka, wengi hukimbilia kufuta akaunti yake. Hapo WordPress huuliza swali ambalo watu hulijibu bila kulisoma: maandiko yake yafutwe, au yahamishiwe kwa mtu mwingine? Jibu salama ni `Attribute all content to`, kisha kuchagua jina la aliyebaki. Aliyechagua kufuta huona taarifa za mwaka mzima zikitoweka pamoja na mtu aliyeziandika.

Nukta iliyokula faranga elfu tisini na nne

Sasa bei. Chumba cha watu wawili kilikuwa faranga 80.000, na mmiliki ameamua kiwe 95.000. Mpokezi anafungua bidhaa hiyo katika WooCommerce, anakwenda kwenye kisanduku cha `Regular price`, anaandika `95.000` kama anavyoandika katika risiti kila siku, na kubofya `Update`. Hakuna onyo lolote. Kwenye tovuti chumba sasa kinauzwa faranga 95.

Mpokezi hakukosea hesabu. Nchini Burundi, kwa mazoea yaliyotoka katika Kifaransa, nukta au nafasi hutenganisha maelfu, na mkato hutenganisha sehemu za desimali. WooCommerce inapowekwa bila kubadilishwa hufuata mazoea ya Kiingereza: kwake nukta ndiyo alama ya desimali. Ikisoma `95.000` inaelewa tisini na tano, na sifuri tatu zilizobaki haziongezi kitu. Faranga ya Burundi haina senti zinazotumika, kwa hiyo mpokezi hana mazoea ya kufikiria desimali anapoandika bei.

Tiba ina sehemu mbili, na zote zinahitajika. Ya kwanza ni ya mtengenezaji: katika `WooCommerce > Settings > General`, `Thousand separator` iwe nukta, `Decimal separator` iwe mkato, na `Number of decimals` iwe 0. Hapo mteja ataona 95.000 kama alivyozoea, na kisanduku cha bei kitatoa onyo mtu akiingiza nukta. Ya pili ni ya mfanyakazi, nayo ndiyo inayofundishwa kwa kurudiwa hadi iwe tabia: katika kisanduku cha bei huandikwa tarakimu tupu, `95000`, bila nukta, bila nafasi, bila herufi za sarafu. Kuupamba mwonekano ni kazi ya mfumo.

Hatari nyingine imejificha katika kisanduku kinachofuata, `Sale price`. Ikiwa wakati wa sikukuu chumba kilipunguzwa hadi 70.000 na hakuna aliyefuta punguzo hilo, mpokezi anaweza kupandisha bei ya kawaida hadi 95.000 kwa usahihi kabisa, na bado mteja akalipa 70.000. Bei mpya itaonekana kwenye tovuti, lakini imepigwa mstari. Kwa hiyo anayebadili bei husoma visanduku vyote viwili kabla ya kubofya.

Jambo ambalo huwashangaza hata baadhi ya watengenezaji ni hili: bei haina historia. Ukurasa wa kawaida wa WordPress huhifadhi matoleo yake ya awali chini ya `Revisions`, na mtu akifuta aya kwa makosa anaweza kurudi kwenye toleo la jana. Lakini bei ya bidhaa katika WooCommerce haihifadhiwi humo. Ikishabadilishwa, mfumo haukumbuki ilikuwa ngapi. Ndiyo maana daftari la kawaida la karatasi, lile linalouzwa katika duka lolote la Rumonge, ni sehemu ya vifaa vya kazi. Kabla ya kubadili, mfanyakazi huandika tarehe, jina la chumba, bei ya zamani, bei mpya, nani aliyeagiza na nani aliyebadili. Bei ikibishaniwa baada ya wiki mbili, daftari ndilo litakalofunguliwa.

Baada ya kubofya `Update`, kazi haijaisha. Mfanyakazi hufungua dirisha la faragha katika kivinjari cha simu, yaani lile lisilotambua kwamba ameingia kama mhusika wa tovuti, na kutazama chumba kama mgeni anavyokitazama. Anakiweka kwenye kikapu na kusoma jumla. Ikiwa dirisha la faragha linaonyesha bei ya zamani, hurudi kwenye ukurasa wa usimamizi na kulinganisha. Usimamizi ukionyesha 95000 na mgeni akiona 80.000, basi nakala ya muda ya ukurasa, ile inayotunzwa ili tovuti ifunguke haraka, bado haijasafishwa. Mtengenezaji anapaswa kuwa ameonyesha kitufe cha kuisafisha, na mara nyingi kitufe hicho kiko juu ya ukurasa wa usimamizi. Lakini usimamizi wenyewe ukionyesha 80000, basi badiliko halikuhifadhiwa kabisa, na kusafisha nakala hakutasaidia chochote. Kuzitofautisha hali hizi mbili huokoa saa nyingi za kubofya bure.

Kutohifadhiwa si jambo la nadra pale ambapo umeme na mtandao hukatika. WordPress hutambua muunganisho ukipotea na kuandika juu ya ukurasa: `Connection lost. Saving has been disabled until you are reconnected.` Anayefundisha anafaa kuwaonyesha wafanyakazi ujumbe huo kwa makusudi, kwa kuzima data ya simu katikati ya kazi, ili siku ukitokea wenyewe wasifunge ukurasa kwa hofu. Waache dirisha wazi, wasubiri mtandao urudi, kisha wabofye tena na kuhakiki.

Bei za samaki ni suala jingine, na pengine hazifai kuwekwa kwenye tovuti hata kidogo. Wavuvi wa mukeke na ndagala hutoka usiku na taa, na nuru ya taa huvuta samaki pale giza linapokuwa nene. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu, mavuno hupungua na bei sokoni hupanda. Kufungwa kwa uvuvi nako hubadili mambo: Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Bei inayotegemea mwezi ulioko angani haiwezi kufuatwa na mpokezi mwenye kazi nyingine kumi. Mgahawa ungefanya vyema zaidi kuandika mara moja tu kwamba mukeke huuzwa kwa bei ya siku, na kuweka namba ya simu ya jikoni.

Saa nne na nusu ipi?

Katika saa za kazi, kosa huanzia kwenye lugha. Jumamosi asubuhi nchini Burundi ni wakati wa kazi za jamii, na biashara nyingi hufungua baadaye kidogo. Mmiliki anamtumia mpokezi ujumbe: "Jumamosi tunafungua saa nne na nusu." Mpokezi anafungua fomu ya saa, ambayo hutumia saa 24, na kuandika `04:30`. Kuanzia hapo tovuti inatangaza kwamba mgahawa hufunguliwa alfajiri, kabla hata mitumbwi haijarudi.

Kwa Kiswahili, kama kwa Kirundi, saa huhesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, na saa nne na nusu asubuhi ni 10:30. Kwa Kifaransa mtu yuleyule angesema saa kumi na nusu bila kusita. Mtego ni kwamba mfanyakazi hubadilisha lugha mara nyingi kwa siku bila kujiona, na fomu haimuulizi anahesabu kwa lugha gani. Kanuni inayofundishwa ni kwamba agizo la saa halipokelewi kwa maneno peke yake. Mwenye kuagiza huandika tarakimu nne pamoja na kipindi cha siku, "10:30 asubuhi", na mpokeaji hurudisha ujumbe uleule kabla ya kuandika chochote. Kwa wateja, tovuti iandike kwa namna zote mbili: "Saa nne na nusu asubuhi, 10:30, saa za Burundi."

Maneno matatu ya mwisho yana sababu. Burundi iko saa moja nyuma ya Tanzania. Ikiwa 10:30 Rumonge, Kigoma ni 11:30, na simu ya msafiri aliyekaribia mpaka huweza kushika minara ya upande wa pili na kujibadilisha yenyewe. Anayeweka nafasi ya boti kutoka Kigoma bila kuambiwa ni saa za nchi gani anaweza kufika saa nzima kabla ya wakati.

Mfumo wenyewe nao una saa yake. WordPress isipowekwa vizuri hufuata saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko saa mbili nyuma ya Burundi. Taarifa iliyopangwa kutoka saa 8:00 asubuhi itatoka saa 10:00. Mtengenezaji anapaswa kuchagua `Bujumbura` katika `Settings > General > Timezone` kabla ya makabidhiano, na mfanyakazi aonyeshwe mahali hapo ili aweze kuhakiki, kwa kuwa ukurasa huo huandika saa ya sasa kama mfumo unavyoielewa. Hata hapo taarifa zilizopangwa zinaweza kuchelewa kwenye tovuti yenye wageni wachache, kwani WordPress kwa kawaida hukagua ratiba yake pale tu mtu anapofungua ukurasa. Taarifa isiyoweza kuchelewa ichapishwe kwa mkono.

Kisha lipo tatizo la wingi wa mahali. Saa za nyumba hii ya wageni zimeandikwa chini ya kila ukurasa wa tovuti, kwenye ukurasa wa mawasiliano, kwenye ramani ya Google, kwenye ukurasa wa Facebook na katika akaunti ya WhatsApp Business. Mpokezi akibadili moja na kusahau nne, mteja ataamini ile aliyokutana nayo kwanza, na mara nyingi ni ya Google. Karatasi yenye orodha ya mahali hapo patano ibandikwe karibu na kompyuta, na mwenye zamu aweke alama mbele ya kila pahali baada ya kubadili. Kwa siku za pekee, kama tarehe 1 Julai, sikukuu ya uhuru, Google ina sehemu ya saa maalumu, ambayo haigusi saa za kila wiki na hujiondoa yenyewe siku ikipita. Kubadili saa za kawaida kwa ajili ya siku moja ndiko kunakofanya duka lionekane limefungwa hadi Agosti.

Taarifa na tarehe yake ya kufa

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kufurika makazi kwenye ufuo wa Burundi, Rumonge ikiwemo. Katika hali kama hiyo, taarifa fupi ya hoteli kuhusu njia inayopitika ina thamani kubwa kwa mgeni aliyeko Bujumbura, na ina madhara makubwa ikisahaulika mahali pake. "Barabara imefungwa" isiyo na tarehe itaendelea kuwafukuza wageni miezi mingi baada ya barabara kufunguliwa.

Kwa hiyo mwandishi wa taarifa hufundishwa kuweka mambo mawili katika mstari wa kwanza: tarehe na saa ya kuandikwa, na siku ambayo taarifa itatazamwa upya. Siku hiyo huandikwa pia katika daftari lile la bei, kwa kuwa ndilo linalofunguliwa kila asubuhi. Taarifa iliyopitwa irudishwe kuwa rasimu. Ikitupwa kwa bahati mbaya, hukaa katika `Trash` kwa siku 30 kabla ya kufutika moja kwa moja, na ndani ya muda huo hurejeshwa kwa mbofyo mmoja.

Picha huhitaji maelezo mafupi tu. Picha ya simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti nne au tano, na kuipandisha ilivyo hula data ya hoteli. Ikipunguzwa kwenye simu hadi upana wa pikseli 1600 hubaki nzuri kwa tovuti na kuwa nyepesi mara nyingi. Mgeni anayeonekana usoni aulizwe kwanza.

Mafunzo yenyewe

Kosa la kawaida la mtengenezaji ni kufundisha kwa kuonyesha: yeye anabofya, wengine wanatikisa vichwa. Siku mbili baadaye hakuna anayekumbuka. Vikao vitatu vya saa moja na nusu, kwenye nakala ya majaribio ya tovuti, vinatosha kwa watu wanne, mradi mtengenezaji asishike kipanya. Kikao cha kwanza ni cha kuingia, kutoka na kuandika taarifa moja. Cha pili ni cha bei na saa, na ndicho kirefu zaidi kwa matatizo. Cha tatu ni cha ajali: mtengenezaji anaharibu vitu kwa makusudi, kwa mfano anaweka bei yenye nukta, anaacha punguzo la zamani, anabadili saa za mfumo, anatupa taarifa, kisha anawaachia wafanyakazi wavitafute na kuvirekebisha bila kuambiwa viko wapi.

Kikao cha tatu kifanyike wiki mbili baada ya cha pili, wala si siku inayofuata. Muda huo unatosha watu kusahau wasichokielewa, na mtengenezaji hupata kuona ni maelezo gani ya mwongozo wake hayasomeki. Mwongozo wenyewe usizidi kurasa mbili, uandikwe katika lugha wanayoitumia wafanyakazi kazini, na majina ya vitufe yaachwe kama yanavyoonekana kwenye skrini. Ikiwa mfumo umewekwa kwa Kifaransa, mwongozo wenye majina ya Kiingereza utamwacha mpokezi akitafuta kitufe ambacho hakipo.

Mwishoni mwa ukurasa wa pili huandikwa mambo ambayo mfanyakazi hayagusi hata akiombwa na mkubwa wake: viambatisho, mandhari ya tovuti, na masasisho makubwa yasiyotanguliwa na nakala ya akiba. Chini yake huandikwa namba ya simu ya mtengenezaji, saa anazopokea, na gharama yake kwa kila wito baada ya mkataba kuisha.